Robo Inchi ya Marcelino

Fundi Odilo wa Makambako hakuwa mtu wa kupendwa, na wala hakujisumbua kupendwa. Alishonea kwenye baraza ya duka la nguo pale njia panda, upande wa barabara ya kwenda Njombe, na mteja aliyefika kwake alipaswa kuvumilia maneno kabla hajaiona nguo. Alikuwa amejifunza kazi misheni, chini ya bruda mmoja aliyekuwa akimpiga kofi la kiganja kila alipoivuta tepu kupita kiasi. Makofi hayo yalimwingia. Miaka ishirini baadaye alikuwa bado anawagombeza watu wazima juu ya jinsi ya kusimama.

Alikuwa na masharti. Hampimi mtu juu ya sweta. Sasa hebu fikiria, Makambako ile yenye upepo wa kukata masikio, mtu ametoka kwake na fulana, shati, sweta na koti la baba yake juu, halafu fundi anamwambia vua vyote ubaki na shati. Wengi walinuna. Odilo aliwaambia, "Nikikupima juu ya sweta, nitaishonea sweta. Nguo ataivaa nani?" Tena hampimi mtu kiuno akiwa ametoka kula. Aliyefika saa nane mchana na ugali tumboni aliambiwa akae kwenye gogo mpaka ushuke, au arudi kesho asubuhi. Na mtu akibana tumbo ili aonekane kijana, Odilo alikuwa anasubiri tu, tepu mkononi, kimya, mpaka yule bwana aishiwe pumzi.

Mwalimu Methusela wa shule ya Walutheri alikataa kuachia. Alisimama kifua mbele, tumbo limeingia ndani, akasema yeye ndivyo alivyo siku zote. Odilo alimwonya mara mbili. Mara ya tatu akasema haya, akaandika inchi alizoziona, akashona suruali ya mtu asiyekuwepo. Jumapili ile kifungo kiliruka katikati ya wimbo, na mwalimu akatoka kanisani ameshika kiuno kwa mikono miwili. Alirudi Jumatatu kudai haki yake. Odilo akamfungulia daftari, akamwonyesha kipimo, akamwambia, "Hiki ulinipa wewe."

Ndivyo alivyokuwa. Mkewe Getruda alikuwa akisema mume wake ana kinywa kama sindano, na hakusema hivyo kwa kumsifu.

Mtu pekee ambaye Odilo hakumsema hovyo alikuwa mdogo wake, Marcelino. Baba yao alikufa mapema, na Odilo ndiye aliyemlea, akamsomesha mpaka darasa la sita. Marcelino alikwisha kwenda mkonge mara moja, huko Tanga, mkataba mzima. Alirudi na kovu la mwiba chini ya jicho, homa isiyoisha vizuri, na kiapo kwamba harudi tena mashambani kule hata kwa kuburutwa. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba serikali itaandika askari bomani Njombe, yeye alikuwa wa kwanza kuuliza masharti. Umri usizidi miaka ishirini na mitano, naye alikuwa nayo kamili. Kimo futi tano na inchi tano. Kifua inchi thelathini na tatu, hewa ikiwa imetoka. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho, maana mwaka ujao umri ungemfungia mlango, na nje ya mlango huo palikuwa na lori la mkonge tu.

Odilo alimtazama kwa jicho la fundi, akasema, "Utapita. Sio kwa kuruka, lakini utapita."

Marcelino akaenda kwa miguu, siku mbili, na kiroba cha mahindi kichwani, kwa sababu shangazi yao alikuwa Njombe na mtu haendi kwa shangazi mikono mitupu. Alifika bomani Jumanne saa kumi jioni, akauweka mzigo chini ya mti, akaingia kwenye mstari. Jumatano usiku usingizi ulimkuta tayari amerudi Makambako, juu ya gunia, kwa hisani ya lori la mbao. Asubuhi alimwambia kaka yake kwamba ameanguka.

"Kwa kiasi gani?" Odilo akauliza.

"Kimo, nusu inchi. Kifua, inchi nzima. Dresa wa hospitali ameandika thelathini na mbili."

"Nani amepima?"

"Dresa Mikaeli."

Odilo akaweka pasi chini. Alimjua Mikaeli. Walisoma pamoja misheni, na tangu wakiwa wadogo Mikaeli alikuwa mtu wa kuwatazama wenzake kana kwamba wanamnukia vibaya. Alikuwa amekwenda hospitali, akapewa koti jeupe, na tangu hapo hakuna aliyempata kwa salamu ya kawaida.

"Niambie ulivyosimama," Odilo akasema. "Kila kitu. Usiruke."

Marcelino akaeleza. Walivuliwa nguo hadi kiunoni, uwanjani, na baridi ya jioni ilikuwa inatafuna. Yeye alikuwa anatetemeka, mabega yamekunjamana. Dresa alimwambia simama wima, naye akasimama kama mtu aliyelelewa anavyosimama mbele ya mkubwa: kichwa chini kidogo, mabega yameshuka, mikono imeshikana mbele. Angewezaje kumtolea kifua mtu mzima, tena na mzungu wa serikali amekaa pembeni? Mikaeli akashusha ubao wa nguzo kichwani, akasoma. Halafu akamzungushia tepu kifuani, akaikaza mpaka ikauma, akasoma tena.

"Ikauma?"

"Ikauma, kaka. Na wale wa asubuhi hawakuvuliwa. Kuna mtu wa Wanging'ombe anaitwa Kefa, mwembamba kuliko mimi, amepimwa na sweta. Amepita."

Sasa hapo Odilo alikasirika kweli, na hasira ya Odilo haikuwa ya kelele. Alikunja kazi iliyokuwa kwenye cherehani, akaingia dukani, akamwomba mwenye duka amwazime ile fimbo ya chuma ya yadi moja wanayopimia nguo. Mwenye duka akamwuliza ya nini. Odilo akasema ya kumpimia mtu mmoja akili. Saa nne walikuwa juu ya lori, ndugu wawili, wanaelekea Njombe.

Njiani alimfundisha mdogo wake jambo ambalo wateja wake wote walikuwa wakilisikia kwa matusi. Mtu hana kimo kimoja. Asubuhi anapotoka kitandani ni mrefu; kadiri anavyosimama na kutembea, uti wa mgongo unajikandamiza, na jioni amepungua karibu nusu inchi, wengine hata zaidi. Mtu aliyetembea siku mbili na kiroba kichwani ndiyo usiseme. Odilo mwenyewe alipata kuwashonea masista kanzu ndefu, akawapima jioni wamechoka, na Jumapili asubuhi kanzu zote zikawa juu ya vifundo. Alilala na aibu ile wiki nzima, hakusahau.

"Kwa hiyo sikuanguka?" Marcelino akauliza.

"Umepimwa ukiwa mfupi, umekunjamana, umebanwa. Huyo aliyepimwa siye wewe."

Marcelino akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu arudi alicheka, na Odilo akafurahi moyoni kuliko alivyoonyesha.

Bomani waliambiwa wasubiri, wakasubiri hadi saa nane. Afisa aliyekuja kuandika askari alikuwa mzungu mrefu mwenye mafua, anajua Kiswahili cha kuamuru na si cha kuzungumza. Alimsikiliza Odilo akiwa anaandika. Alipomaliza kuandika akainua uso.

"Wewe nani?"

"Fundi nguo, Bwana. Wa Makambako."

"Fundi nguo anakuja kufundisha serikali kazi?"

"Hapana, Bwana. Naomba kuiona tepu tu."

Mikaeli alikuwa amesimama mlangoni. "Bwana, huyu ni kaka wa mtu aliyeanguka," akasema. "Kila aliyeanguka ana kaka."

"Lete tepu," afisa akasema, labda kwa sababu alitaka kumaliza haraka apate kupenga kamasi.

Mikaeli akaitoa mfukoni. Ilikuwa tepu ya kitambaa, imefifia, pembezoni imechakaa, ya kupimia kila kitu, vifua vya watu na shuka za wodi. Odilo akaweka fimbo ya chuma juu ya meza, akainyosha tepu juu yake bila kuivuta. Namba thelathini na sita haikuishia mwisho wa yadi. Ilitokeza nje, nusu inchi kamili.

"Imevutika, Bwana," Odilo akasema. "Tepu ikivutika, alama zinaachana. Mtu wa thelathini na mbili na nusu inamsoma thelathini na mbili. Hapo hujaivuta kwa mkono. Ukiivuta, inakula nyama vilevile. Na wa asubuhi wamepimwa na sweta, na wa jioni wamepimwa uchi, wana baridi. Hivi si vipimo vya watu. Ni vipimo vya saa na nguo."

Afisa akaitazama ile nusu inchi kwa muda. Alikuwa mtu wa hesabu kuliko wa maneno, na hesabu ilikuwa mezani pake. Akamgeukia Mikaeli, akamwambia maneno machache ya Kiingereza. Mikaeli akawa rangi ya majivu. Nusu inchi ile ilikuwa imemvua koti jeupe mbele ya mtu aliyemdharau tangu utotoni, na Odilo, tuseme ukweli, aliionja raha hiyo taratibu, wala hakuona aibu.

"Kesho saa mbili asubuhi," afisa akasema. "Waliopita wote, na walioanguka kwa inchi moja au chini ya hapo. Wote wavue. Tepu nzuri. Mara moja tu kila mtu, halafu basi. Sitaki kurudia rudia."

"Bwana," Mikaeli akasema kwa upole mkubwa, "tepu nzuri anayo fundi. Na mkono wangu yeye hauamini. Apime yeye."

Afisa akaangalia mmoja, akaangalia mwingine, akaona kwamba hapo kuna njia ya kufunga midomo yote kwa mkupuo.

"Vizuri. Wewe utapima," akamwambia Odilo. "Dresa ataandika. Ukishapima wewe, hakuna tena malalamiko. Hata moja."

Odilo alikuja kudai kipimo cha haki, hakuja kukishika. Walipotoka nje Mikaeli alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Nitakaa karibu, Odilo," akasema. "Nitakutazama mkono. Mdogo wako akifika, nitautazama zaidi."

"Tazama mpaka macho yakuume."

"Sina haraka ya kuumwa macho. Ninangoja uilegeze tepu."

Walilala kwa shangazi. Odilo alimkataza Marcelino kubeba hata ndoo, akamlaza mapema, akamwambia asitoke kitandani mpaka aitwe. Asubuhi aliwapitia na wengine waliokuwa wamejikunja kwenye banda la bomani, akawaambia vilevile: mtu asiamke kuzurura, kaeni mmelala mpaka filimbi. Wengine walimwitikia. Kefa wa Wanging'ombe alikaa kwenye mkeka, sweta yake ya kijivu imefika shingoni, akamwangalia bila kupepesa.

"Kamwene," Odilo akamsalimu kwa Kibena.

Kefa hakuitika. Alisema, "Mimi nimeshapita. Jina langu limeandikwa. Nimeshamwambia mama yangu. Kwa nini nipimwe tena?"

"Kwa sababu ulipimwa na sweta."

"Sweta si kosa langu. Kosa langu ni kwamba sina kaka mwenye fimbo ya chuma."

Odilo akamwacha na sweta yake, akaenda kwa aliyefuata.

Filimbi ikapigwa. Watu kumi na wanane walipanga mstari ndani ya ukumbi wa baraza, maana Odilo aliomba wasipimiwe nje kwenye baridi, na moto uliwashwa. Wote walivua hadi kiunoni, wote bila viatu. Nguzo ya kimo ilisimamishwa ukutani. Odilo aliwasemesha wote kwa pamoja.

"Hapa hakuna adabu ya kuinamisha kichwa. Anayeinama anajiibia mwenyewe. Visigino ukutani, macho mbele, kidevu kisipande wala kisishuke. Kwenye kifua, mikono juu, tepu ikishakaa, mikono chini. Pumua kama unavyopumua ukiwa kwako. Mimi nasoma hewa ikitoka."

Akaanza. Kwa kila mtu tepu ilipita chini ya mifupa ya mabega nyuma, ikaja mbele sawa na chuchu, imelala mlalo, haikupanda wala kushuka. Aliikaza mpaka ikagusa ngozi pande zote bila kuzama. Kisha akasoma kwa sauti, na Mikaeli akaandika. Baada ya kila mtu Mikaeli alikuwa akiinama na kutazama kifua, halafu anautazama mkono wa Odilo, kisha anarudi kwenye karatasi.

Watatu walioanguka Jumanne wakapita. Mmoja wao alikuwa ameongezeka nusu inchi ya kimo na karibu inchi ya kifua, na alishika mdomo kwa mikono asije akapiga kelele. Halafu ikafika zamu ya Kefa. Alivua sweta polepole, na chini ya sweta palikuwa na mbavu. Kimo sawa. Kifua thelathini na mbili na nusu. Odilo akakisoma kwa sauti ile ile.

Kefa akachukua sweta yake sakafuni. "Umefurahi?" akamwuliza Odilo, taratibu, kama anauliza njia. Kisha akasogea pembeni, akaegemea ukuta, hakuondoka. Alitaka kuona.

Marcelino alikuwa wa mwisho. Alisimama ukutani kama alivyofundishwa, visigino, mgongo, macho mbele. Ubao ukashuka. Futi tano, inchi tano, na robo juu yake. Mikaeli akaandika. Marcelino akasogea kwenye moto, akainua mikono.

Odilo akampitishia tepu. Aliujua mgongo huo tangu ukiwa wa mtoto. Aliwahi kuushonea shati la komunyo ya kwanza. Marcelino akashusha mikono. Kifua chake kikajaa, kikabaki kimejaa.

"Mwambie atoe pumzi," Mikaeli akasema.

"Toa hewa," Odilo akasema.

"Nimetoa, kaka."

"Hujatoa. Toa."

Marcelino akatoa. Sauti ya pumzi ile ilisikika hadi kwa Kefa ukutani. Odilo akautazama mkono wake. Kila mtu alikuwa anautazama. Mikaeli alikuwa ameinama hadi pua yake iko karibu na tepu, kalamu inangoja. Afisa ameacha kupenga kamasi. Kefa ameshika sweta kifuani kwake. Walikuwa wanangoja tepu ilegee. Kama ingelegea kwa upana wa unyasi, wote wangeiona, na wale watatu waliopita kwa haki wangeanguka pamoja na uwongo wake, na kila neno alilomtupia mteja kwa miaka ishirini lingegeuka taka. Odilo aliogopa. Hakuwa ameogopa hivyo hata siku ya kumzika baba yake. Vidole vikashika ncha mbili za tepu, vikakaza, macho yakashuka kwenye namba.

"Thelathini na mbili," akasema, "na robo tatu."

Mikaeli akanyanyuka. Hakucheka. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa misheni, akakausha wino, akasema, "Amepungukiwa robo inchi, Bwana."

Odilo akaiachia tepu. Na hapo akaona, kuzunguka kifua cha mdogo wake, sawa na chuchu, mstari mwembamba uliozama kwenye ngozi, kama ule unaoachwa na kamba ya suruali. Ulikaa muda wa kuhesabu tano, ukafutika. Alijaribu kukumbuka kama wale kumi na saba waliotangulia walikuwa nao. Mdomo wake ulifunguka aseme, Bwana, naomba nirudie. Lakini afisa alikuwa amekwisha simama, na mara moja ni mara moja, na angerudiaje kwa ndugu yake peke yake? Angesema nini? Kwamba mkono wake haufai? Akafunga mdomo, akakunja tepu. Kukunja kule kulimchukua muda mrefu.

Walirudi Makambako siku ile ile. Marcelino alikaa upande mmoja wa lori, Odilo upande mwingine, na ile fimbo ya yadi ikawa inagongagonga katikati. Nyumbani Getruda aliziona nyuso zao, akaweka chakula, akaondoka asiulize. Jumamosi na Jumapili Marcelino alifunga vitu vyake. Odilo alimwambia asubiri, kazi zipo, anaweza kumfundisha cherehani. Marcelino akamjibu kwamba mkono wa kushona haumo katika ukoo wote, upo kwa mmoja tu, na unatosha.

Jumatatu asubuhi lori la mkonge lilisimama njia panda, mbele ya duka. Wanaume walikuwa wanapanda, na kila mmoja kabla ya kupanda alitazamwa meno na mikono na mwandikishaji. Hapakuwa na tepu. Shamba la mkonge halikuhitaji inchi, lilihitaji mtu aliyesimama. Kefa wa Wanging'ombe alikuwa amekwisha panda, amekaa pembeni, na aliposogeza miguu ili Marcelino apate nafasi alifanya hivyo kama mtu anayempisha ndugu.

Odilo alishuka barazani. Alikuwa amebeba koti, amelishona usiku mbili, la kukinga umande wa njiani. Hakuwa amempima mtu yeyote. Alikuwa amekadiria kwa macho tu. Marcelino alilipokea, akalikunja bila kulivaa, akaliweka chini ya mkono.

"Kaka," akasema. "Nina neno moja, na unijibu kabla hawajawasha gari."

"Sema."

"Kulikuwa na mstari kifuani kwangu. Nilishusha macho nikauona. Nilikuwa wa mwisho. Niliwatazama wote waliotangulia, kwa sababu nilikuwa na hofu na sikuwa na kazi nyingine. Hakuna aliyekuwa na mstari."

Odilo akalitazama kovu lile chini ya jicho lake. "Ngozi yako laini," akasema. "Na karibu na moto, damu..."

"Usinifundishe habari za ngozi. Mimi sikuuliza hivyo. Ninauliza hivi: uliivuta?"

Dereva akazungusha hendeli mbele ya injini mara ya kwanza, haikuwaka. Odilo angeweza kusema hapana. Neno fupi, nalo lingemfuata mdogo wake hadi Tanga na kumlaza usingizi. Angeweza kusema ndiyo, akapiga magoti palepale mbele ya wateja wake. Alitafuta moyoni mwake, kwa uaminifu ule ule aliotumia kutafuta robo za inchi maisha yake yote, na alichokikuta ndani ni vidole vinakaza na hajui viliambiwa na nani.

"Sijui," akasema.

Injini ikawaka, wanaume wakaanza kuitana majina.

"Fundi wa Makambako hajui," Marcelino akasema. Hakupaza sauti. "Mwalimu Methusela alikudanganya kwa tumbo ukajua. Masista walipungua jioni ukajua. Tepu ya serikali ilivutika ukajua. Mimi umenishika kwa mikono yako, hujui."

"Marcelino. Walikuwa wananitazama."

"Najua walikuwa wanakutazama. Mimi pia nilikuwa nakutazama." Akashika ubao wa lori, akapanda, akageuka. "Ungesema ndiyo, kaka. Ningekusamehe kabla hatujafika Iringa."

Lori likaondoka. Koti lilikuwa limebaki juu ya ngazi ya duka, limekunjwa vizuri, na Odilo hakuona ni saa ngapi mdogo wake aliliweka pale.